Bei ya kungoja: ninavyouzia ofisi za umma bila kukausha mtaji

Nina duka la vifaa vya usafi Makupa, Mombasa: sabuni ya maji, dawa ya kuua vijidudu, tishu, mopu, mifuko ya taka. Wateja wangu wa kila siku ni hoteli ndogo, mikahawa na wenye nyumba za kupangisha, na hao hulipa papo hapo au mwisho wa wiki. Kando yao, nauzia taasisi za umma. Wenzangu kadhaa tulioanza nao biashara hiyo ya pili wamefunga, na hawakufunga kwa kukosa tenda. Walikuwa na LPO mkononi, yaani hati ya ofisi ya kuagiza mzigo, na madeni ya kudai, lakini pesa ya kununulia mzigo mwingine hawakuwa nayo.

Mimi hufanya hesabu moja kabla ya kukubali mzigo wowote wa ofisi: kungoja kwenyewe nakutilia bei, nikajua ni mwezi wa ngapi faida itakapokuwa imeisha. Nitaieleza kwa LPO moja ya mwaka 2022, kwa sababu ilipitia karibu kila kitu kinachoweza kumpata muuzaji.

Ilitoka mwezi wa Machi, kutoka taasisi moja huku kisiwani. Jumla yake ilikuwa shilingi 464,000, yaani bidhaa za 400,000 na VAT ya asilimia 16, ambayo ni 64,000. Kwa muuzaji wa jumla, Shimanzi, bidhaa hizo zilinigharimu 320,000 na VAT yake 51,200. Ukiitazama juu juu utasema faida ni 80,000 na ufurahi. Mimi huuliza kwanza: ni pesa ngapi zitatoka mfukoni mwangu kabla hata senti moja haijarudi?

Muuzaji wa jumla nampa 371,200. Gari na wapakizi 6,000. Halafu kuna VAT, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kodi hii haingoji ofisi ikulipe. Mzigo ukishafika au invoisi ikishatoka, chochote kitakachotangulia, unadaiwa, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata iwe imelipwa. Mimi nimesajiliwa, kwa hivyo nilitoa ile 51,200 niliyolipa kwenye 64,000 niliyotoza, zikabaki 12,800 za kupeleka KRA. Jumla ya pesa zinazotoka ni 390,000. Faida halisi basi ni 74,000.

Ofisi nayo ikilipa hukata asilimia mbili ya bei kabla ya VAT na kuzipeleka KRA moja kwa moja. Hapo ni 8,000. Hazikupotea, zinaonekana kwenye akaunti ya iTax na utazitumia kupunguza VAT ya baadaye, lakini siku ya malipo hutaziona benki. Usizipangie kazi.

Sasa bei ya kungoja. Mimi hupiga asilimia mbili kwa mwezi kwa pesa zote zilizofungwa, hata kama ni zangu na sikukopa. Pesa hizo hizo zikizunguka kwa hoteli na mikahawa huniletea zaidi ya hapo, kwa hivyo hesabu hiyo sijaizidisha. Asilimia mbili ya 390,000 ni 7,800 kila mwezi. Gawanya 74,000 kwa 7,800: ni miezi tisa na nusu. Maana yake, deni likiingia mwezi wa kumi nimefanya kazi ya bure, na kila mwezi baada ya huo nauchangia umma kutoka mfukoni.

Swali linalobaki ni miezi mingapi ya kutarajia, na hilo hulijua kwa kalenda kuliko kwa ahadi ya mtu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bili ambayo haijalipwa IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, unapofungwa mwisho wa Juni hugeuka deni la mwaka uliopita, na lazima iingizwe upya kwenye bajeti mpya ndipo ilipwe. Miezi ya kwanza ya mwaka mpya pesa huwa haba, kwa sababu hata bajeti ikishapita, ofisi hungoja Hazina iachie fedha, na kutoa pesa kwenye mfuko wa umma huhitaji idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Kwa hivyo mzigo wa Oktoba una nafasi nzuri ya kulipwa ndani ya mwaka wake. Wa Machi unakimbizana na mlango. Wa Mei, mimi huuhesabu moja kwa moja kuwa ni wa mwaka mpya. Na 2022 ilikuwa na uchaguzi Agosti, jambo ambalo halijawahi kuharakisha faili ya mtu.

Nikapiga makadirio: nikipeleka mzigo wote Machi nao ukavuka Juni, nitalipwa Novemba nikibahatika. Miezi minane kwa 7,800 ni 62,400. Ingebaki 11,600, ambazo hazilipi hata usumbufu. Tena wakati huo mtaji wangu wa kuzungusha ulikuwa kama milioni moja na laki mbili, na kawaida yangu ni kwamba madeni ya ofisi zote za umma kwa pamoja hayazidi theluthi ya mtaji huo. LPO hii peke yake ingeifunga theluthi yote.

Kwa hivyo nilikwenda kumwona karani wa stoo nikamwuliza wanatumia kiasi gani kwa mwezi. Kumbe stoo yao haikuwa na nafasi ya mifuko na katoni zote hizo kwa mara moja. Tukakubaliana, na ofisi ya ununuzi ikaandika, kwamba nilete kwa awamu mbili, nusu Machi na nusu Mei, kila awamu na invoisi yake. Ni jambo la kawaida kabisa, ila hakuna atakayekupendekezea. Uliza.

Kitu kingine nilichofanya kabla ya hapo, kwenye nukuu ya bei, ni kuacha mstari wa sabuni ya mche wazi. Bei ya mawese, yanayotengenezewa sabuni, ilikuwa juu duniani, na Aprili ile Indonesia ikaja kusimamisha kuuza nje mafuta yake kwa wiki kadhaa. Sheria ya ununuzi ya 2015 hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Sabuni inapanda, bei yako imegandishwa, na malipo yako mbali: hiyo siitaki, acha achukue mwingine.

Awamu ya kwanza nilipeleka Machi. Pesa zilizotoka ni 195,000. Siku hiyo hiyo niliketi stoo hadi nikapata S13, ile hati ya stoo inayothibitisha kwamba mzigo umepokewa. Karani aliniambia neno ambalo nimewarudia wengi: "Dada yangu, mzigo umeingia stoo, lakini bila karatasi hii vitabuni haujaingia." Baada ya S13 inatakiwa hati ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo sheria hiyo hiyo inaitaka, na kamati hii ni watu wa idara mbalimbali ambao kuwakutanisha ni kazi. Nilihakikisha maelezo kwenye hati yangu ya kupelekea mzigo yanafanana na ya LPO neno kwa neno. LPO ikisema katoni nawe ukaandika roli, hata kama hesabu ni ile ile, mkaguzi wa ndani atairudisha, na faili iliyorudishwa huanza safari upya.

Kufuatilia nako kuna namna yake. Nikiambiwa "inashughulikiwa", siondoki nikaridhika. Huuliza namba ya vocha ya malipo. Kama haina namba, basi faili bado iko ununuzi au kuna karatasi inayokosekana, na hapo kwenda ofisini kunasaidia kwa sababu kuna kitu cha kurekebisha. Ikishapata namba, huuliza kama mkaguzi wa ndani ameipitisha na kama imeidhinishwa kwenye IFMIS. Ikishaidhinishwa, kilichobaki ni pesa kuingia kwenye akaunti ya taasisi, na hapo hata ukipiga kambi Treasury Square hutaongeza kitu. Nauli yako iweke.

Awamu ile ya kwanza ililipwa Juni, kabla mfumo haujafungwa. Miezi mitatu kwa 3,900 ni 11,700. Ya pili, niliyoipeleka Mei, ilivuka mwaka kama nilivyotarajia ikalipwa Novemba: miezi sita, 23,400. Kungoja kote kukanigharimu 35,100, nikabaki na 38,900 badala ya ile 11,600. Na hakuna wakati ambao ofisi ile ilishika zaidi ya 390,000 zangu, na hata hizo kwa wiki chache tu kati ya Mei na Juni.

Kilichonibeba katikati ni muuzaji wangu wa jumla, mzee ninayemwita Ami. Hunipa siku 30. Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba mzigo ni wa serikali, alinijibu, "Mwanangu, mimi serikali siikopeshi, nakukopesha wewe." Hivyo deni lake hulilipa kwa mauzo ya hoteli na mikahawa, siku ya 30 au kabla yake, ofisi iwe imelipa au haijalipa. Simpi cheki ya tarehe ya mbele nikitegemea malipo ya umma. Cheki ikirudi kwa kukosa pesa, Ami hatauliza faili yangu iko meza gani.

Mkopo wa LPO wa benki nimewahi kuutumia. Benki huitaka taasisi iandike barua kwamba malipo yatapitia akaunti ya benki hiyo na si nyingine, kisha hukupa sehemu ya gharama ya mzigo. Unafaa kwa mzigo wa nusu ya kwanza ya mwaka wa fedha, wenye faida nene. Malipo yakichelewa riba haisimami, na barua ile inakuzuia kuhamishia malipo kwingine. Cheti cha AGPO, ninachopatia tenda kwenye ile asilimia 30 ya tenda za umma iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nacho hufungua mlango wa kuingilia tu. Kwenye foleni ya malipo nasimama na wengine.

Nukuu za Aprili na Mei bado huletewa. Nazijaza, ila na gharama ya miezi saba imo ndani ya bei. Mara nyingi huchukua mwingine aliyeweka bei ya chini. Mwaka jana mmoja wao alikuja dukani Septemba kutaka nimkopeshe katoni za tishu. Nilimpa tano, za kulipwa Ijumaa.