Euro imekubali, ng'ombe wamekataa: kumbukumbu ya kibodi ya dukani

Jumatatu. Steshenari yetu hapa Kirumba imeanza kupata ankara za samaki zenye bei za euro na majina ya Kifaransa kama Hélène. Kwenye kompyuta ya mezani nashikilia Alt, naandika 0128 kwa vitufe vya namba vya kulia, naachia: €. Kijana wa zamu ya jioni aliisahau ile sifuri ya mwanzo, ankara ikatoka "Ç 450". Bila sifuri kompyuta inasoma jedwali la zamani la herufi, na humo 128 ni Ç. Laptopu ndiyo haina kabisa vitufe hivyo vya pembeni.

Jumatano. Kwenye laptopu nimeweka mpangilio wa United States-International. Mambo mteremko: Alt ya kulia na 5 inatoa €, ritifaa ikifuatiwa na e inatoa é. Nikajiona fundi.

Ijumaa. Mzee mmoja kutoka Magu amerudisha mkataba wake wa mauziano. "Kijana wangu, mbona hawa ng'ombe wamekaliwa na yangeyange?" Nikatazama: "ngómbe", mara kumi na moja. Kwa mpangilio ule ritifaa haitokei papo hapo. Inasubiri herufi inayofuata, na ikikuta irabu inaipandia kichwani. Ng'ambo nayo ilikuwa "ngámbo". Majina ya Kisukuma ya Ng'w yalitoka salama, maana w haipandiwi, ndiyo maana ukurasa wa kwanza haukunishtua. Mistari myekundu haikunisaidia; kwa Kiswahili programu yetu inapigia mstari karibu kila neno.

Ukibonyeza ritifaa kisha kitufe cha nafasi, inatoka yenyewe, halafu unaandika o. Sasa nani atakumbuka hilo katikati ya mkataba, foleni ipo mlangoni?

Jumapili. Nimerudisha mpangilio wa kawaida wa US na kuweka WinCompose, programu ya bure. Alt ya kulia inageuka kitufe cha kuunganisha: unaibonyeza na kuiachia, kisha herufi mbili, moja baada ya nyingine.

```
Alt ya kulia, kisha ' e  = é
Alt ya kulia, kisha , c  = ç
Alt ya kulia, kisha = e  = €
Alt ya kulia, kisha - L  = £
```

Uzuri wake, ritifaa inabaki ritifaa mpaka niitangulizie Alt. Nimeandika ng'ombe, ng'ambo na Hélène kwenye mstari mmoja, vyote sawa. Ubaya, inabidi iwe inafanya kazi. Ikizimwa, ' e inabaki ' e. Nimeiweka iwake yenyewe kompyuta inapowashwa.

Mkataba nimeutengeneza kwa kutafuta ó na kubadilisha kuwa 'o, kisha á kuwa 'a. Kwanza nilihakikisha hamna Ramón yeyote humo. Karatasi nimechapa upya bila malipo.