Saladi zangu zilikuwa na njaa huku chakula kimejaa tangini

Ninalima saladi bila udongo nyuma ya nyumba, Nyegezi hapa Mwanza. Mabomba yamelala kwenye fremu ya mbao chini ya neti ya kivuli, na pampu ndogo inazungusha maji ya virutubisho kutoka tangi la lita 200. Maji yenyewe ni ya ziwa, na ni mepesi: kabla sijaweka chochote, kipimo cha EC husoma karibu 0.1.

EC ni uwezo wa maji kupitisha umeme. Mbolea ikiyeyuka inakuwa chumvi, na chumvi zikizidi, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kwa saladi ninalenga 1.4, kwa kizio cha milisimensi kwa sentimita. Kipimo hiki kinahesabu chumvi zote kwa jumla, lakini hakikuambii ni chumvi zipi, wala kama mmea unaweza kuzifyonza. Hilo nililielewa baada ya kukaribia kupoteza miche yote.

Wiki ya tatu baada ya kupandikiza, majani machanga ya katikati yalianza kuwa njano, ila mishipa yake ilibaki kijani. Nilidhani mbolea imepungua. Mbolea yangu iko katika chupa mbili: nikaongeza ya chupa A, nikaongeza ya chupa B, na baada ya siku tatu nikaongeza tena. EC ikafika 2.6. Unjano ukabaki palepale, na sasa ncha za majani zikaanza kuungua na kuwa kahawia.

Nilimwita bibi shamba mmoja anayeishi mtaa wa pili. Aliangalia majani, akauliza, "Mdogo wangu, pH umepima lini?" pH huonyesha uchachu wa maji: ikipanda, uchachu umepungua. Nilikuwa nimeipima siku ya kwanza tu. Tulipopima ilikuwa 7.4. Akaniambia, "Chakula kipo, ila hawawezi kukimeza."

Kilichokosekana ni madini ya chuma. Chuma kilikuwamo kwenye chupa A, lakini pH ikipanda, chuma huachana na kile kinachokishikilia kwenye maji, kikaganda na kutuama. Aina niliyokuwa nayo, inayoshikiliwa na EDTA, huanza kudhoofika pH ikipita takribani 6.5. Dalili yake huanzia kwenye majani machanga, kwa sababu mmea hauwezi kukihamisha chuma kutoka majani ya zamani. Ingekuwa upungufu wa naitrojeni, majani ya chini ndiyo yangetangulia kuwa njano. Na pH ilipanda kwa sababu mbili: maji ya ziwa yenyewe huanza juu ya 7, na mizizi ikifyonza naitreti huyafanya maji yazidi kupoteza uchachu.

Tulianza kwa kushusha EC. Hesabu yake ni rahisi: kutoka 2.6 hadi 1.4, kwa maji ya 0.1, ilibidi tubakize lita 104 za zamani na kuongeza lita 96 za maji matupu. Nikachota karibu nusu ya tangi na kumwagilia migomba, kisha nikajaza.

Ndipo tukashughulikia pH. Mililita 10 za asidi ya fosforiki nilizimimina ndani ya lita moja ya maji, nikiwa na glavu na miwani. Asidi ndiyo inayofuata maji. Ukimwaga maji juu ya asidi kali, inaweza kuchemka na kukurukia. Kutoka mchanganyiko huo nikawa natia mililita 50 kwa mara, nakoroga, nasubiri robo saa, napima. Zilipopita kidogo nusu lita, kipimo kikasoma 6.0. Kiasi hicho ni cha tangi langu. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi yatadai asidi zaidi.

Baada ya wiki moja majani mapya yalitoka kijani. Ncha zilizoungua hazikupona, nikazikata.

Chupa A na B bado naziweka mbali. A ina kalsiamu na B ina salfeti na fosfeti. Zikikutana kabla ya kuchanganywa na maji mengi, hutengeneza unga mweupe usioyeyuka, ambao mmea hauwezi kuufyonza. Natia A tangini, nakoroga vizuri, ndipo B.

Sasa napima kila asubuhi. pH nataka iwe kati ya 5.5 na 6.5. Kipimo chenyewe nakirekebisha mara kwa mara kwa maji maalumu ya pH 7 na 4, maana kipimo kilichopotoka kinakufanya utie asidi isiyohitajika. EC nasoma pamoja na kina cha tangi. Juzi jua lilikuwa kali, tangi likapungua lita 20 na EC ikapanda hadi 1.5: mimea ilikunywa maji kuliko chakula. Nikarudishia lita 20 za maji matupu, EC ikashuka karibu 1.4, na chupa za mbolea sikuzigusa.