Herufi 160 za ukumbusho wa kliniki zilizonitoa jasho

Mimi ni mkunga, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa najua kuchapa haraka kuliko wenzangu, nilipewa kazi ya kutunga meseji ya kuwakumbusha wajawazito siku yao ya kliniki. Nikacheka. Tarehe, saa, vitu vya kuleta, basi. Nikajiambia nitaimaliza kabla chai haijapoa. Ilinichukua wiki tatu, na katikati nilimshindisha mama mmoja na njaa kwa saa 18.

Meseji ya kwanza sikuiandika peke yangu. Msimamizi alitaka iwe na heshima, na mtu wa kompyuta akataka saa itoke moja kwa moja kwenye mfumo ili tusiwe tunaichapa kwa mkono. Kila mmoja akachangia, ikatoka hivi:

"Ndugu mteja, unakumbushwa kuwa kesho 22/05 saa 8:00 una miadi ya kliniki. Njoo bila kula na ulete vitu vyote muhimu. Mama ang’are, mtoto ang’are!"

Kaulimbiu ya mwisho ni ya msimamizi, na nilionywa nisiiguse. Tukaituma Alhamisi jioni kwa akina mama wa Ijumaa.

Ijumaa ile asubuhi tulimngoja mama wa wiki 24 aliyekuja kupimwa sukari. Kipimo hiki hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28, na ndicho kinachofanya saa ya kufika iwe jambo zito. Mama huja na tumbo tupu, anatolewa damu, anapewa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha anatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kati ya hapo hali kitu, na anakaa kitini, hazururi. Akichelewa asubuhi, maabara haimalizi. Na njaa yenyewe ina mpaka wake: isipungue saa 8, isizidi 14 hivi. Ikipita hapo mwili unakuwa umeshaanza kujihami, majibu hayaaminiki.

Mama akafika saa nane mchana. Kwa wakati kabisa! Mdomo umekauka, amejishika ukutani, na simu mkononi akinionyesha: "Sista, mmeandika saa nane. Mie tangu saa mbili ya usiku sijatia kitu mdomoni."

Alikuwa sahihi kabisa. Kompyuta ilisema 8:00 ikiwa na maana ya saa mbili asubuhi, na hakuna Mswahili anayesoma 8:00 akafikiria asubuhi. Mimi mwenyewe ningekuja saa nane. Nilimkalisha, nikampima presha, nikamtafutia chakula, nikamwomba radhi. Kipimo hatukufanya. Siku za karibu za kipimo zilikuwa zimejaa, nikampa Ijumaa 12 Juni, akiwa wiki ya 27, bado yumo ndani ya muda.

Huyo alikuwa mmoja tu. Mwingine simu yake ilikuwa imezima chaji, akaiwasha Ijumaa mchana, akasoma "kesho", akaja Jumamosi akakuta kufuli. Tarehe ilikuwepo pale pale, lakini neno kesho lina nguvu kuliko tarakimu zote. Mtu akishaliona hasomi tena kilicho mbele yake. Wa tatu, wiki ya 36, hana kipimo chochote cha kufungia, alikuja na njaa kwa sababu meseji ilikwenda kwa wote. Wa nne alichukua "vitu vyote muhimu" kwa uzito wake: akaja na mkoba mzima wa kujifungulia, nguo za mtoto zimekunjwa vizuri, mimba ina miezi sita. Kadi ya kliniki aliisahau nyumbani.

Halafu kuna lile lililonikera kuliko yote, kwa sababu sikulijua kabisa. Mama mmoja alinionyesha simu yake ndogo ya vitufe. Meseji yetu imeingia vipande vitatu, na cha kwanza kufika kilikuwa hiki: "to ang’are!" Hicho tu. Alidhani ni mchezo wa watoto.

Nikahesabu herufi, moja moja, kwa kalamu. Zilikuwa 145 pamoja na nafasi na alama. Meseji moja hubeba 160. Sasa vipande vitatu vimetoka wapi? Nilimuuliza mtu wa kompyuta, akasema mtandao una matatizo. Nilimuuliza mara ya pili, akasema simu ya mama ni mbovu. Ushauri wa aina hiyo nimeupata maishani wa kutosha. Nikaanza kukata neno moja moja na kujitumia mwenyewe, nikitazama mfumo unahesabu meseji ngapi. Nikitoa "Ndugu mteja", bado ni zaidi ya moja. Nikitoa "unakumbushwa kuwa", vivyo hivyo. Nilipotoa kaulimbiu, ghafla ikawa moja.

Kosa lilikuwa ni ule mkia mdogo katikati ya "ang’are". Msimamizi alikuwa ameiandika kwenye programu ya barua, ambayo huikunja alama hiyo iwe ’ badala ya ' iliyonyooka. Alama iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji. Iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja, meseji nzima inabadilishiwa mfumo wa herufi, nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ikizidi 70 inakatwa vipande vya 67 kila kimoja. Herufi 145 kwa 67, vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Yaani tulikuwa tunalipa mara tatu kwa ajili ya mkia! Tangu siku hiyo mimi huchapa meseji kwa mkono palepale kwenye mfumo, sinakili kutoka popote. Na kama unaweza kuyakwepa maneno yenye ng' kabisa, yakwepe.

Kaulimbiu niliiondoa. Msimamizi alinuna, nikamwonyesha hesabu ya vipande vitatu, akanyamaza.

Meseji ya pili niliitunga mwenyewe, kwa fahari. Niligawanya watu: wa kipimo cha sukari wana meseji yao, wengine wana yao isiyotaja njaa. Hii ndiyo ya wa sukari, ya Ijumaa 5 Juni:

"Mama, kliniki ni Ijumaa 5 Juni, saa 2 asubuhi (08:00). Usile wala kunywa chai kuanzia saa 4 usiku wa Alhamisi, maji ruksa. Lete kadi, dawa, chakula cha baadaye."

Hesabu. Ni 160 kamili. Nilizunguka nayo ofisini nikimwonyesha kila mtu, kama aliyejenga nyumba bila kubakiza hata tofali. Saa imeandikwa kwa namna mbili ili anayetazama saa ya simu na anayehesabu Kiswahili wafike pamoja. Siku ya wiki ipo pamoja na tarehe. "Kesho" imefukuzwa, kwa hiyo meseji hiyohiyo naituma siku mbili kabla na tena siku moja kabla, bila kubadili neno. Chai nimeitaja kwa jina kwa sababu nimejifunza kwamba "usile" kwa wengi haihusu chai. Na chakula nimekiita cha baadaye kwa kuwa rasimu yangu iliyosema "lete chakula" mwenzangu aliisoma akauliza, "Watakula kwenye benchi wakisubiri?" Angekuwa mama, angekula.

Fahari ilidumu siku chache. Mama mmoja alikuja Ijumaa ile ameshiba. Alifunga, ndiyo, lakini usiku wa kuamkia Alhamisi. Bibi yake alimweleza, na bibi alikuwa na hoja: kwa hesabu ya wazee siku huanza jua likizama, hivyo usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia Alhamisi. Usiku niliokuwa nautaka mimi, kwa bibi, ni usiku wa Ijumaa. Nimezaliwa ndani ya lugha hii, na bado nilijikwaa hapo.

Kisha Jumatatu nikawa naandaa za Jumatano 10 Juni. Mfumo ukaniambia meseji mbili. Nikahesabu: Jumatano imezidi Ijumaa kwa herufi mbili, 10 imezidi 5 kwa moja, Jumanne imepungua Alhamisi kwa moja. Jumla 162. Nyumba yangu isiyobakiza tofali ilikuwa haina pa kuweka hata kiti. Kumbe kipimo cha meseji ni siku yenye jina refu na mwezi wenye jina refu. Jaribu na Jumatano ya Septemba, tarehe yenye tarakimu mbili. Ikiingia hiyo, zote zitaingia.

Ya tatu, ambayo ndiyo tunayotumia:

"Kliniki Ijumaa 12 Juni, saa 2 asubuhi (08:00). Kuamkia siku hiyo usile, usinywe chai toka saa 4 usiku, maji ruksa. Lete kadi, dawa, chakula cha baadaye."

Hizo ni 152. Kwa Jumatano 23 Septemba zinafika 158. Saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa 10, zimo ndani ya mpaka. Neno "Mama" limeondoka ili kupata nafasi, na nikagundua nimepata faida nyingine: simu ya nyumbani hushikwa na wengi, na anayeiokota sasa anaona kliniki tu, hajui ya nini. Majina ya vipimo siandiki kamwe.

"Dawa" limebaki fupi mno, nakiri. Maana yake ni dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na tembe za madini ya chuma zilizobaki, ili tuone amemeza ngapi. Hilo namwambia kwa mdomo anapoondoka, pamoja na kwamba asijinyime chakula siku tatu kabla ya kipimo akidhani ndiyo atafaulu. Anayejinyima hudanganya kipimo.

Dalili za hatari hazikuingia, na sikutaka kuzibana. Zina meseji yake peke yake: "Ukiona damu, maji yakivuja, kichwa kikiuma sana au mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe. Njoo sasa, saa yoyote." Hii huenda siku nyingine, isije ikasomwa pamoja na miadi mtu akaona aisubirie Ijumaa.

Ijumaa 12 Juni yule mama wa saa nane alikuwa wa kwanza mlangoni. Saa mbili kasoro. Kabla hajakaa akaniuliza, "Sista, leo ni saa yangu au saa yenu?" Damu ya tatu ilipotoka, saa nne na dakika kumi, alifungua kopo lake la chakula mbele yangu, akala bila kunikaribisha.