Bahasha tatu nyuma ya rafu

Posta moja ndogo huku Nyanda za Juu Kusini, usiku wa Juni, baridi ile ya koti juu ya koti. Saa nane mlinzi akasikia panya nyuma ya rafu ya kupangia barua. Akaivuta kidogo, akamulika tochi: bahasha tatu, vumbi tupu.

Hakufungua hata moja. Barua ya kuokota bado ni mali ya mtu. Aliandika kwenye kitabu cha matukio saa, idadi na mahali zilipokuwa, akamsubiri karani.

Asubuhi karani akazigeuza. Mbili anwani ya mbele ilikuwa haisomeki, ila nyuma zilikuwa na anwani ya mtumaji. Hizo zinarudi zilikotoka. Ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Muhuri wa duara ulisoma Tukuyu, tarehe imefifia. Namba ya sanduku iliandikwa haraka haraka: ni 71 au 77?

Sanduku 71 lilikuwa limefungwa, kodi ya mwaka haijalipwa. Hapo ndipo barua nyingi hufia, maana hata kikaratasi cha kumwita mwenyewe hutumbukizwa humohumo.

Karani akasoma tena mstari wa pili, mwandiko mdogo: "kupitia kwa Mwalimu Mkuu". Wengi vijijini hawana sanduku lao, hutumia la shule au la kanisa. Akafungua daftari la wapangaji: 77, shule ya msingi.

Barua ikaingia 77. Mlinzi alikuwa bado mlangoni, anakunja blanketi.