Cheti kilichosema nilimaliza kabla sijaanza

Cheti changu cha mafunzo tarajali nilikisoma vizuri nikiwa nimeshapanda daladala. Kiliandikwa Zuhra, ilhali nyaraka zangu zote, kuanzia cheti cha kuzaliwa, zinasema Zuhura. Nikajipa moyo kwamba herufi moja tu, nani ataiona. Kisha nikafika kwenye tarehe: kuanzia 1 Oktoba 2018 hadi 30 Septemba 2018. Yaani nilimaliza mafunzo siku moja kabla ya kuyaanza!

Usiku ule nilimwandikia afisa utumishi barua ya kurasa mbili. Nilieleza nilivyojituma, nilivyovunjika moyo, na jinsi waajiri watakavyoniona tapeli. Asubuhi nikaipeleka masijala. Mama wa pale akaisoma yote akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mwanangu, hapa umelia, hujaomba. Hiyo herufi unayoitaka iko wapi?"

Nikamwambia jirani amenishauri nikaape mahakamani. Akacheka. Hati ya kiapo, alisema, ni ya mtu ambaye nyaraka zake mwenyewe zinagombana. Zangu zinakubaliana, waliokosea ni wao, basi barua inatosha.

Nikaketi kwenye benchi la wageni nikaandika upya. Haikufika hata nusu ukurasa. Chini ya kichwa, "Yah: Maombi ya kusahihishiwa jina na tarehe kwenye cheti", nikataja namba ya cheti, kisha: "Jina limeandikwa Zuhra, lisomeke Zuhura. Tarehe ya kumaliza imeandikwa 30 Septemba 2018. Isomeke 30 Septemba 2019." Nikaambatisha nakala ya cheti chenyewe na ya cheti cha kuzaliwa. Mama akauliza, na tarehe nani ataithibitisha? Ikabidi nirudi nyumbani kufuata barua ya kupangiwa mafunzo, maana hiyo ndiyo iliyotaja mwanzo na mwisho. Cheti halisi akanikataza kukiacha: nitakirudisha siku ya kupewa kipya, mkono kwa mkono. Na nakala yangu ya barua akaigonga muhuri wa kupokelewa.

Muhuri ule niliuona urembo tu, mpaka wiki ya pili nilipoambiwa barua yangu haipo. Nikaitoa nakala mkobani. Mchana uleule barua ikaonekana, chini ya faili la likizo. Kosa lenyewe lilikuwa dogo: aliyechapa alitumia cheti cha wenzetu waliotutangulia, akabadili tarehe ya kuanza, ya kumaliza akaisahau. Hilo la jina hakuna aliyenieleza.

Siku ya kuchukua kipya nilisimama dirishani nikakisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Kilikuwa sawa. Mama akafungua daftari la kusainia ili aandike jina la mpokeaji. Z, u, h, r...

"Mama," nikamwambia, "naomba hiyo kalamu niandike mwenyewe."