Jinsi nilivyosawazisha vichwa vya madokezo ya mihadhara hadi vikatoka vizuri kwenye PDF

Madokezo yangu ya mihadhara 12 kuhusu bahari yalikuwa yametapakaa katika faili kadhaa, mengine nimeyaandika darasani, mengine nimeyakamilisha usiku nyumbani Tudor. Niliyaunganisha yote katika faili moja la Markdown, `madokezo.md`, nikitaka programu ya Pandoc inipatie PDF yenye ukurasa wa yaliyomo. Niliamua kuwe na ngazi tatu tu, kwa alama ya reli, yaani `#`: reli moja kwa kila mhadhara, reli mbili kwa mada, na reli tatu kwa vipengele vyake.

Kilichonichelewesha kwanza ni ushauri wa mwenzangu mmoja wa darasani. Aliniambia, "Ndugu yangu, kichwa ukikiwekea nyota mbili huku na huku kikawa kizito, inatosha." Nilimwamini, na mada nyingi nikaziandika hivyo, kama `**Sababu za bamvua**`. Kwa macho vilionekana ni vichwa, lakini kwa Pandoc hiyo ni aya fupi yenye herufi nzito, kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichoingia katika yaliyomo. Ushauri huo bado unaniudhi, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka faili limekwisha kuwa refu. Nilifanya nakala ya faili, kisha nikavigeuza vyote kwa mstari mmoja:

```
sed -E 's/^\*\*(.+)\*\*$/## \1/' madokezo.md > mapya.md
```

Baadhi yake vilichapishwa na reli zake mbili zikiwa zinaonekana katikati ya maandishi. Pandoc hutaka mstari mtupu kabla ya kichwa; usipouweka, kichwa humezwa na aya iliyotangulia. Ukiona alama ya reli kwenye PDF, tafuta mstari mtupu uliokosekana kabla hujatafuta jambo lingine.

Baada ya hapo nilikagua vichwa kwa amri ambayo sasa siiachi:

```
grep -n '^#' mapya.md
```

Amri hii huonyesha vichwa peke yake pamoja na namba za mistari, na mtu akiisoma kutoka juu hadi chini huona mara moja pale aliporuka kutoka reli moja hadi tatu. Orodha yangu ilikuwa safi kabisa. Hata hivyo, nilipofungua PDF, nilikuta ndani ya yaliyomo aya nzima: "Bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja..." Ilikuwa imelala hapo kama kichwa, imechukua mistari minne. Nyingine za namna hiyo zilikuwa kumi, kila moja ikiwa aya ya mwisho ya mhadhara.

Nilikaa karibu jioni nzima nikiihariri aya ile, nikaifuta, nikaiandika upya, isibadilike kitu. Hatimaye niliangalia kilichokuwa chini yake badala ya kuiangalia yenyewe. Kati ya mhadhara na mhadhara nilikuwa nimeweka vistari vitatu, `---`, viwe mpaka, na nilikuwa nimevibandika moja kwa moja chini ya aya. Markdown ina njia ya pili ya kuandika kichwa, ambayo ni kupigia mstari chini ya maneno: alama za usawa hufanya kichwa cha ngazi ya kwanza, na vistari hufanya cha ngazi ya pili. Kwa kuwa kila aya yangu niliiandika kwa mstari mmoja mrefu bila kukata, Pandoc iliisoma yote kuwa kichwa. Vichwa vya namna hiyo havina reli, ndiyo maana `grep` yangu haikuviona.

Mipaka hiyo sikuihitaji tena, lakini sikuifuta tu, kwani kuifuta kungeibana aya na kichwa kinachofuata na kurudisha kosa la mstari mtupu. Niliibadilisha iwe mistari mitupu:

```
sed 's/^---$//' mapya.md > tayari.md
```

Fanya hivi kabla ya kuongeza utangulizi wa jina la kazi juu ya faili, maana utangulizi huo nao huzungushiwa `---` na amri ingeuharibu. Mimi niliuongeza mwishoni, nikaondoa pia namba nilizokuwa nimezichapa kwa mkono, kwa kuwa Pandoc huzihesabu yenyewe na ningepata "3.2 3.2 Sababu za bamvua". Kisha:

```
pandoc tayari.md -o tayari.pdf --toc --number-sections --pdf-engine=xelatex
```

Kupakua LaTeX, ambayo Pandoc huitumia kutengeneza PDF, kulikula bando langu kwa kiasi kikubwa, lakini kuchapisha mjini kulinigharimu shilingi mia mbili na kitu tu. Kabla ya kupeleka faili nilihesabu mistari ya yaliyomo, ikawa 48, na `grep -c '^#' tayari.md` nayo ikanijibu 48.