Nilivyopata robo saa ya mkurugenzi kupitia kwa katibu muhtasi wake

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Tuko wanachama 38, na kama ilivyo kwa wakulima wengi wa mwani huku kwetu, kamba na taitai, yaani vikamba vya kufungia mbegu, tulikopeshwa na kampuni inayonunua mwani wetu, kwa makubaliano kwamba deni litakatwa kidogo kidogo siku za mizani, mwani unapopimwa na kuuzwa. Mwaka 2023 kotonii yetu, aina ya mwani yenye bei nzuri, ilikufa wakati wa kaskazi, maji yalipopata joto, tukarudi kwenye aina nyingine, spinosamu, ambayo inastahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Ilipofika Agosti kila mwanachama alikuwa bado anadaiwa shilingi 60,000, na makubaliano yalieleza kwamba deni lisilopangiwa utaratibu mpya hadi tarehe 31 ya mwezi huo litakatwa lote kwa pamoja katika mizani ya Septemba.

Mwanachama wa kawaida alitarajia kupima kilo 100 kwa shilingi 800, yaani shilingi 80,000, na baada ya kukatwa angerudi nyumbani na 20,000 kwa kazi ya mwezi mmoja na nusu. Sisi tulitaka deni ligawanywe katika mizani tatu, 20,000 kila mara. Afisa wa kampuni aliyeko Pemba alituelewa, lakini hakuwa na mamlaka ya kubadilisha makubaliano. Mwenye saini alikuwa mkurugenzi mtendaji, ambaye ofisi yake iko mjini Unguja.

Barua yangu ya kwanza niliiandika mwishoni mwa Julai, kurasa mbili, nikaielekeza kwa mkurugenzi mwenyewe. Nilianza na historia ya kikundi, nikaeleza hali ya bahari, nikaomba "kukutana naye kwa mazungumzo kuhusu changamoto zetu", na nikamaliza kwa kusema kwamba tuko tayari wakati wowote atakaopata nafasi. Niliamini kwamba neno "wakati wowote" ni heshima. Siku kumi zikapita bila jibu. Katika siku hizo nilifanya na kosa jingine, ambalo bado linaniuma: nilimwomba jamaa yangu anayefahamiana na mkurugenzi amnong'oneze habari yetu. Habari ilifika kweli, lakini ilirudi kwa katibu muhtasi kama swali la ghafla kuhusu jambo ambalo yeye hakuwa na maelezo yake, na nilipopiga simu ofisini niliisikia sauti yake imepoa.

Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza wazi kilichopungua katika barua yetu. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahiki. "Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili," alisema, "lakini sijui mkurugenzi anatakiwa aamue nini, na wala sijui nikuweke siku gani. Ukiniambia wakati wowote, unanipa kazi ya kukutafutia. Na wewe uko Pemba, nikikuita leo huwezi kufika leo."

Maneno yale yalinifungua macho. Nilikuwa nikimwona kama mlango wa kupitia, ilhali yeye ndiye anayepanga siku ya mtu ambaye saa zake hazitoshi, na kila ombi analolikubali analazimika kulitetea mbele ya bosi wake kwa sentensi moja au mbili. Ombi langu halikumpa sentensi hiyo. Tena, "wakati wowote" ya mtu wa Micheweni si kweli. Kwanza nisafiri hadi Mkoani, ncha ya pili ya kisiwa, ndipo nipande boti. Mwenyekiti wetu naye, ambaye saini yake ilihitajika pamoja na ya mkurugenzi, hawezi kuondoka wakati wa bamvu, kwa kuwa ndipo maji yanapotoka mbali na mashamba yanafikika kwa kuvuna na kupanda. Wiki ya maji mafu, ambapo maji hayatoki mbali, ndiyo wiki yetu ya nafasi. Kwa hiyo nilikaa na mwenyekiti tukahesabu mwezi. Bamvu moja lingekuja baada ya mwezi mwandamo wa katikati ya Agosti, jingine mwisho wa mwezi baada ya mwezi mpevu, na baina yao ipo wiki iliyoanza Jumatatu tarehe 21. Katika barua sikuandika bamvu wala maji mafu, kwani daftari la miadi la ofisi linakwenda kwa tarehe na siku za wiki. Niliandika tarehe tu.

Barua ya pili niliielekeza kwa katibu muhtasi mwenyewe, kwa barua pepe, na katika kichwa cha barua niliandika: "Ombi la dakika 15, kati ya 22 na 25 Agosti: kugawanya deni la kamba, uamuzi kabla ya 31 Agosti". Baada ya salamu, barua ilisema hivi:

"Tunaomba nafasi ya dakika 15 na Mkurugenzi Mtendaji ili aamue jambo moja: kama deni la wanachama wetu 38, jumla shilingi 2,280,000, likatwe katika mizani tatu badala ya moja. Afisa wenu wa Pemba ametuandikia kwamba jambo hili liko nje ya mamlaka yake, na barua yake nimeiambatisha. Uamuzi ukitolewa baada ya tarehe 31 Agosti hautatusaidia, kwa sababu makato ya mizani ya Septemba yatakuwa yamekwishapangwa. Tutakuja watu wawili, mwenyekiti na mimi.

Tutakuwa Unguja kuanzia Jumanne tarehe 22 mchana hadi Ijumaa tarehe 25. Siku zinazotufaa zaidi ni Jumatano na Alhamisi, saa yoyote ya kazi. Jumanne tunaweza kuanzia saa 8 mchana, na Ijumaa kabla ya saa 5 asubuhi. Katika siku hizo, nafasi ikitokea ghafla, tukipigiwa simu tutafika ofisini ndani ya nusu saa. Ikiwa wiki hiyo haiwezekani, mimi naweza kuja peke yangu Jumatatu tarehe 28 hadi Jumatano tarehe 30 nikiwa na barua ya idhini ya mwenyekiti. Ikiwa Mkurugenzi atakuwa safarini, tutaridhika na msaidizi wake mwenye mamlaka ya kutia saini, au na mazungumzo ya simu ya dakika 10. Jambo ambalo hatuwezi kulisogeza ni tarehe 31 tu."

Niliambatisha pia ukurasa mmoja wenye jedwali la makato, kama yatakatwa mara moja na kama yatakatwa mara tatu.

Kabla ya kuipeleka, mwenyekiti alitaka tuongeze neno "dharura". Tulijadiliana sana. Nilimwambia kwamba katibu muhtasi analisikia neno hilo kila siku na halimwambii lolote, ilhali tarehe 31 anaweza kuiangalia mwenyewe katika makubaliano. Vilevile tulifuta sentensi iliyosema kwamba wanawake watakufa njaa, kwani haikuwa kweli. Ilikuwa kweli kwamba mtu angebaki na 20,000, na jedwali lilitosha kuonesha hivyo. Lililotuchukua muda zaidi ni zile dakika 15. Mwanzo nilikuwa nimeandika saa nzima. Nilipotaja kwa sauti kila jambo ambalo lazima lisemwe mbele ya mkurugenzi, yalikuwa matatu tu, na moja kati ya hayo lilikwishaelezwa na jedwali. Kuomba saa nzima kungetusukuma hadi Septemba, maana pengo la saa nzima halipatikani kirahisi katika siku ya mtu kama yule. Robo saa huweza kuchomekwa baina ya vikao viwili.

Jibu lilikuja siku ya pili yake. Alituwekea Jumatano tarehe 23 saa 4:30 asubuhi, akaeleza kwamba nafasi hiyo haijathibitishwa, na akatushikia pia Jumatatu tarehe 28 kama akiba. Aliuliza swali moja tu: je, mkurugenzi atatakiwa kutia saini palepale, au kukubali kimsingi na karatasi zifuate? Sikuwa nimelifikiria. Nikamjibu kwamba kukubali kimsingi kunatosha, mradi maandishi yatoke kabla ya tarehe 31, na nadhani jibu hilo lilitusaidia kuliko yote niliyoyaandika mwanzo, kwa kuwa mtu huona uzito mdogo kukutana na wageni ambao hawamtaki atie saini siku hiyo hiyo.

Jumatano asubuhi alipiga simu kuahirisha. Mkurugenzi alikuwa ameitwa kwenye kikao kingine. Nakiri moyo uliniruka, na mwenyekiti alitaka twende tukakae ofisini tungoje. Sikukubali. Mgeni anayekaa barazani tangu asubuhi humfanya katibu muhtasi awe mlinzi wake, kila mlango ukifunguka anatazamwa yeye. Nilimwambia tu kwenye simu kwamba tumeelewa, kwamba tuko Darajani kwa jamaa zetu, na kwamba ile nusu saa tuliyoahidi bado iko palepale. Jioni sikumpigia. Sikuwa na jambo jipya la kumwambia.

Alhamisi, saa 3 na dakika 40 asubuhi, simu ililia. Mgeni wa saa 4 alikuwa amechelewa boti ya kutoka Dar es Salaam, na palikuwa na dakika 20 tupu. "Mnaweza?" aliniuliza. Tulikuwa tumeshavaa, karatasi ziko mkobani, na saa 4 kasoro dakika 5 tulikuwa mbele ya meza yake. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa na maombi mengine mawili yanayongoja, ila hakujua watu wake wako wapi saa ile.

Ndani tulikaa dakika 14. Mkurugenzi alikuwa na ukurasa wetu mkononi, umepigwa mstari kwenye safu ya mizani tatu, na alama ile si yangu. Nina hakika ni ya katibu muhtasi. Aliuliza kama mwanachama atakayeacha kilimo katikati ya makato atalipiwa na nani. Mwenyekiti alijibu kwamba kikundi kitabeba, nasi tukakubali sharti hilo liandikwe. Maandishi yalitoka Jumatatu tarehe 28, siku tatu kabla ya mwisho.

Tulipotoka, kabla hatujafika mtaani, nilimwandikia katibu muhtasi ujumbe mfupi: kwamba tumeonana na mkurugenzi na amekubali kimsingi, sharti moja limeongezwa kuhusu wanaoacha kilimo, na ile nafasi ya Jumatatu aliyotushikia aifungue ampe mtu mwingine.